Namba Mpya ya Mama Mkwe

Barabara iliposhuka mlima ghafla, Onserio aliona mji wa Duluth ukiwa chini yake, na nyuma ya mji hakuona kitu. Palipotakiwa kuwa na ziwa palikuwa na weupe mtupu, theluji na ukungu vimeshikana, kama vile dunia ilifika hapo ikakatwa kwa kisu. Alikuwa hajawahi kufika kaskazini hivyo. Miaka yote aliyokaa Minnesota, safari zake zilikuwa za nyumbani hadi kazini na kazini hadi kanisani. Leo alikuja kuchukua rambirambi za Wakisii wa huku juu, wauguzi wengi wao, waliosema wasingetuma mchango wao kama watu wanaolipa bili ya umeme. Walitaka aje, wasali, walie kidogo, ndipo pesa itoke mbele ya macho yao.

Simu iliyokuwa imesimama kwenye dashibodi ikatetemeka. Picha iliyotokea ilikuwa ya mama mkwe wake.

Onserio alipunguza mwendo hadi gari la nyuma likampigia honi. Mama Ombasa hakuwahi kumwandikia. Huyo ni mama aliyekuwa akimwona mkwewe njiani anaingia kwenye majani ya chai mpaka apite. Siku ya harusi walisalimiana kila mmoja akitazama viatu vyake. Wenyewe wanaiita chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mkwe, kati ya mzazi na mtoto. Na Onserio, ambaye Marekani ilikuwa imemvua mengi, hilo halikumtoka.

Alisimama kituo cha mafuta akasoma.

"Mkwe wangu. Najua si desturi, lakini msiba umenivua nguo. Msitume tena kwa Ombasa. Anakunywa pesa za baba yake. Tumieni namba hii mpya. Jina litakalotokea ni Felix, ni dereva wa gari la maiti, kitambulisho changu kimepotea. Mochari wanataka walipwe leo. Usimwambie Bochaberi, atagombana na kaka yake na moyo wake ni mgonjwa. Usinipigie, sauti imekauka. Mungu akubariki."

Baba mkwe, Mzee Nyariki, alikuwa amefariki Jumatatu. Bochaberi, mkewe Onserio, alikuwa nyumbani anapanga sanduku. Kesho angepanda ndege kwenda kumzika baba yake. Yeye Onserio asingeweza kwenda. Alikuwa ameshamaliza likizo yake, na kazi yake ya kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea haikuwa kazi ya kuomba siku kila mara. Kwa hiyo alipewa kazi nyingine: namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo la msiba kuwa ya michango ya Marekani. Akusanye, atume kwa Ombasa, mtoto wa kwanza wa marehemu. Basi. Mzee atolewe mochari, azikwe Ijumaa. Pesa isipofika, mochari hawamtoi, na watu wa Kisii watasema mkwe wa Amerika alimwacha mzee kwenye friji.

Alisoma ujumbe mara ya pili. Kilichomshika si ile namba. Kilichomshika ni aibu. Alijiona amesimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe, amemkuta analia bila kitambaa kichwani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wasemavyo. Na sasa yeye alikuwa amegeuzwa mwosha wa aibu ya nyumba ya wakwe. Ombasa anakunywa pesa? Ombasa alikuwa anapenda bia, hilo halikuwa siri. Akaandika, "Nimepata, Mama," akafuta "Mama," akairudisha, akatuma. Halafu akamwandikia mkewe kwamba amefika salama, wala hakusema lingine.

Hapo ndipo mtego ulipobana, ingawa yeye aliona kwamba anafanya adabu.

Nyumba ya Nyanchoka ilijaa viatu mlangoni. Nyanchoka mwenyewe, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi, alimvua koti kabla hajasema hodi.

"Huyu ndiye mkwe? Mbona mwembamba hivi? Bochaberi anakulisha saladi?"

"Ananilisha, dada. Ni baridi yenu inayokula."

"Baridi yetu haili watu wa Kisii, inaramba tu. Ingia. Kuna obokima, kuna mboga chungu, kuna kuku. Kwanza kula. Hatuchangi na mtu mwenye njaa, atatoroka na sahani."

Watu wakacheka kicheko cha matangani, kile kinachojikata chenyewe. Onserio akaketi, akamega obokima, ugali wa wimbi mweusi mzuri ambao mtu alikuwa ameubeba kwenye sanduku kutoka nyumbani, lakini hakuona ladha. Kando yake alikaa Mzee Sagini, rika la marehemu, aliyekuja kwa mwanawe miaka mingi iliyopita na kuzeekea kwenye theluji.

"Mimi yangu nimeshatuma," mzee akamwambia kwa sauti ya kujivuna kidogo. "Asubuhi. Mwanangu alinisaidia na simu. Sikutaka kungoja hawa vijana wa kusali kwa saa mbili."

"Umetuma kwa nani, Baba?"

"Kwa Ombasa, kwani nani? Ile namba yake mpya."

Onserio akarudisha tonge sahanini. "Namba mpya ya Ombasa?"

"Aliniandikia. Laini ya zamani imejaa, haipokei tena. Nami si mjinga, nilipiga kwanza! Nilipiga hiyo hiyo namba. Akapokea mwenyewe, kijana ana heshima sana. Sauti imekauka kwa kulia, maskini."

Onserio akahesabu kimoyomoyo. Ombasa alikuwa na namba mpya. Mama naye alikuwa na namba mpya. Mama anasema usitume kwa Ombasa, na Ombasa anaomba atumiwe. Na wote wawili sauti zimekauka. Alijaribu kujipa maelezo: labda kweli ndugu wanagombania pesa, labda kila mmoja amefungua laini yake kuvutia upande wake. Misiba ina mambo hayo. Alishawahi kuona kaka wawili wakipigania kipaza sauti kaburini.

"Wapendwa," Nyanchoka akapiga makofi. "Mchungaji amesali, chakula kimekwisha, kila mtu ameshamtumia mkwe mchango wake. Sasa mkwe, mbele yetu, peleka. Tuone ikienda. Mochari hawangoji."

"Peleka! Peleka!" watu wakaitikia.

Onserio akafungua ile programu ya kutuma pesa. Jina la Ombasa lilikuwa humo tangu zamani, namba ileile aliyotumia kumpelekea ada za shule za watoto wake. Chini yake palikuwa na kitufe cha kuongeza mpokeaji mpya. Kidole kikasimama kati ya hivyo viwili. Chumba kizima kilimtazama. Simu ikatetemeka mkononi.

"Mkwe wangu, mbona kimya? Mochari wanafunga. Unataka nimlilie nani?"

Mama anamlilia, na yeye amekaa anakula kuku. Akabonyeza mpokeaji mpya. Akaandika Felix. Programu ikamwuliza jina la pili, jinsi lilivyo kwenye kitambulisho. Hakuwa nalo.

Ni hilo tu lililomzuia, jina la pili. Angelijua angetuma. Hilo lilimtesa baadaye kuliko mengine yote.

"Nisameheni," akasema. "Naomba dakika kidogo. Niongee na nyumbani."

"Aongee na nani tena?" mtu akanong'ona. "Mkwe anaomba ruhusa ya kutoa pesa?"

"Mwacheni," Nyanchoka akasema. "Pesa za watu ni moto. Acha ashike kwa koleo."

Alitoka nje. Upepo wa ziwani ulimpiga kama kofi la mtu asiyemwona. Akasimama kati ya magari yaliyofunikwa theluji, akafikiria ampigie nani. Kumpigia Mama Ombasa asingeweza. Ulimi wake ungevunjika. Ombasa? Kama Ombasa ndiye mwizi, mwizi hataungama. Bochaberi? Aliambiwa asimwambie, na mke aliyefiwa na baba hupewi ruhusa ya kumwongezea uchungu. Kila mlango aliougusa ulikuwa umeshafungwa na mtu aliyetangulia mbele yake. Hapo kwa mara ya kwanza akaogopa kwa namna nyingine. Mtu aliyeandika ule ujumbe aliijua chinsoni. Aliijua kama anavyoijua yeye, na alikuwa ameigeuza ukuta.

Lakini ukuta wa Wakisii una ufa mmoja, na ufa huo ni babu na bibi. Kati ya mjukuu na bibi hakuna haya. Kuna utani, tena wa matusi. Mama mzazi wa Mzee Nyariki alikuwa bado hai, bibi yake Bochaberi, magokoro wa nyumba nzima, naye tangu siku ya mahari alikuwa akimwita Onserio mume wake. Alikuwa na kisimu chake cha vibonye, namba ileile tangu Onserio amfahamu. Huko nyumbani jua lilikuwa limezama. Wangekuwa wanaota moto wa matanga.

Simu ikaita hadi akakata tamaa. Ndipo sauti ngumu kama gome la mti ikapokea.

"Nani huyo?"

"Mume wako, Magokoro."

"Mume gani? Nina waume watano na wote hawana faida."

"Wa Amerika."

"Aa, yule mchovu! Umeniletea nini? Nimezika waume wawili, sasa nazika mtoto, na wewe unanipigia mikono mitupu." Sauti ikavunjika, akavuta pumzi, akairudisha mahali pake. "Sema. Baridi inakuua?"

"Inaniua. Magokoro, nisikilize. Mama Ombasa ameniandikia ujumbe."

Alisikia moto ukipasuka na watu wakiimba mbali.

"Ameandika kwako? Wewe?"

"Kwa simu yake mpya. Anataka pesa zipelekwe kwa namba mpya. Anasema Ombasa anakunywa."

"Wewe Onserio umelewa theluji. Yule mwanamke akikuona kwenye picha anaigeuza! Akuandikie wewe habari za pesa? Tena kabla mumewe hajafunikwa?" Kikohozi. "Mama Ombasa amekaa hapa, umbali wa mkono. Hajashika simu tangu Jumatatu. Simu yake nimeikalia. Iko chini ya matako yangu, imezimwa, maana watu walikuwa wanampigia kumliza. Njoo uitoe kama unaweza."

Onserio akaegemea gari. "Basi anayeniandikia ni nani?"

"Sijui. Lakini mimi nikisikia mtu anamwandikia mkwe akijiita mke wa mwanangu, namwita mchawi."

"Na Ombasa?"

"Ombasa yuko hapo anapasua kuni. Amekunywa, ndiyo, amekunywa uji! Tangu asubuhi nimempa uji na matusi. Namba yake ni ileile ya zamani. Kata, umpigie wewe. Usiniamini mimi, labda na mimi ni mchawi."

Akakata. Onserio akapiga namba ya Ombasa iliyokuwa kwenye simu yake tangu zamani, si yoyote iliyoletwa na ujumbe. Ombasa akapokea akihema.

"Shemeji!"

"Shemeji, kabla hujasema kitu. Siku nilipoleta ng'ombe wa mahari kwenu, nini kilitokea?"

"Sasa hilo ni swali gani matangani?"

"Jibu."

"Yule dume wako alikata kamba akaingia shuleni. Nilimkimbiza mpaka kijitoni nikapoteza kiatu. Na hukunilipa kiatu changu mpaka leo, bahili mkubwa wewe."

Onserio akacheka. Habari ya kiatu haikuwa kwenye tangazo lolote. Akamweleza yote. Ombasa akasema polepole:

"Mimi sina namba mpya. Laini haijajaa. Mochari tumepatana nao, wanangoja hadi Alhamisi. Lakini shemeji, huyu mtu amejuaje jina la mama? Amejuaje kuwa wewe unamwonea haya?"

Walijua wote wawili. Tangazo la msiba lilikuwa limesambazwa mtandaoni likiwa na picha za marehemu na mkewe, majina ya watoto, majina ya wakwe na walipo, na namba za wapokeaji. Kundi la WhatsApp la mazishi lilikuwa na kiungo ambacho yeyote angeweza kubonyeza akaingia, kwa sababu msiba haufungiwi mtu mlango. Ndiyo desturi. Mlango ulikuwa wazi, na mtu alikuwa ameingia akaketi kimya kwenye giza, akiwatazama jinsi wanavyolia.

Onserio alirudi ndani na kuwaambia. Hakuna aliyecheka safari hii. Mbele yao alimtumia Ombasa kiasi kidogo kwanza kwa namba ya zamani, wakangoja, Ombasa akapiga na kuwasomea kwa sauti ujumbe wa kupokea, kiasi na jina la mtumaji. Ndipo akatuma kilichobaki. Watu wakasema Amina, lakini Amina ya watu wanaotazama mlango.

"Na yangu?" Mzee Sagini akauliza.

Mwanawe alikuwa tayari anazungumza na kampuni waliyotumia. Wakaambiwa pesa imeshatolewa. Wangeweza kufungua malalamiko, lakini hawakuahidiwa kitu.

"Lakini nilipiga," mzee akasema. "Nilipiga kuhakikisha."

"Ulimpigia mwizi, Baba," Nyanchoka akasema kwa upole usio wake. "Ukamwuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Siku nyingine piga ile namba uliyokuwa nayo kabla ya kilio. Na umpigie mtu wa pili."

Mzee akatazama mikono yake. "Alinifariji," akasema. "Yule kijana. Aliniambia baba yake alikuwa akinitaja sana. Nililia naye."

Onserio aliandika kwenye kundi la mazishi kwamba namba haijabadilika, na yeyote aliyepata namba mpya apige simu kwa Ombasa au kwake, kwa namba za zamani, kabla ya kutuma hata senti. Akamwomba Ombasa afunge kile kiungo. Kabla hakijafungwa, namba moja isiyo na jina, iliyokuwa humo tangu Jumatatu bila kusema neno, ikatoka. Na simu yake ikatetemeka.

"Umefanya vibaya, mkwe."

Aliifungia ile namba. Akaendesha usiku kurudi, akimtazama kila mara aliyeko nyuma yake kwenye kioo.

Bochaberi alipoambiwa asubuhi, alikaa juu ya sanduku.

"Ulinificha," akasema.

"Niliambiwa nikufiche."

"Na mtu usiyemjua ndiye uliyemtii, mume wangu. Si mimi."

Onserio alibeba sanduku hadi garini.

Uwanja wa ndege walikaa karibu. Ilipofika foleni ya ukaguzi, Bochaberi akamrekebisha kola ya koti kama anavyofanya akiwa bado na hasira lakini si ya kuondoka nayo.

"Nani atanipokea Nairobi?"

"Ombasa. Mwenyewe. Ukimwona mwingine amebeba bango lenye jina lako, hata kama analia, usiondoke naye. Mpigie Ombasa namba ya zamani."

"Niliandika kwenye kundi siku ya ndege yangu," akasema taratibu. "Na saa. Jumatano. Niliandika ili wasihangaike."

Wakatazamana. Foleni ikasonga, naye akasonga nayo, viatu mkononi, mpaka akawa upande wa pili wa mashine, mdogo kati ya watu warefu wenye makoti. Aligeuka mara moja akainua mkono.

Onserio akapiga simu pale pale. Ombasa akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Kiatu gani?" Onserio akauliza.

"Cha kushoto, bahili. Nini tena?"

"Badilisha mahali pa kumpokea. Usiandike popote. Mwambie kwa mdomo akitua, na wewe mwenyewe umshike mkono."

"Sawa. Nimekusikia. Sawa, shemeji."

Alipokata, alitafuta koti la kijani la mkewe nyuma ya vioo, hakuliona tena. Alisimama katikati ya watu wanaoagana. Simu ikaanza kuita mkononi mwake, namba asiyoijua, na kwenye kioo ikajaa picha ya anayepiga: Mzee Nyariki, katika suti yake ya Jumapili, ile ile ya kwenye tangazo, akimtazama kwa upole kama aliyekumbuka jambo la kumwambia.

Onserio hakupokea. Aliishika hivyo, marehemu akiita, akiita, akinyamaza, kisha akianza kuita tena.